Koseti ya L iliyofungwa siku ya 4: kisa kimoja cha upasuaji wa tumbo

Aliyeletwa kwangu

Mama huyu nitamwita Bi. K. Alikuwa na miaka 43, ana watoto wanne, na anauza vitenge katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Ameniruhusu nikieleze kisa chake, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Mimi ni fundi wa nguo za kubana. Nashona koseti za wagonjwa wanaotoka kupasuliwa tumbo na matiti, na za waliofyonzwa mafuta, kwa vipimo ninavyochukua mwenyewe baada ya daktari kuniambia nini kimefanyika mwilini. Mimi si muuguzi, na mahali ambapo jambo lilimhusu daktari nitasema hivyo.

Bi. K. alifanyiwa upasuaji wa kuondoa ngozi na mafuta ya tumbo. Misuli ya mbele, iliyoachana kwa sababu ya mimba, ilishonwa ikakutanishwa tena, na mafuta ya ubavuni yakafyonzwa. Mapajani hakuguswa. Hilo la mapaja lina maana kubwa katika kisa hiki, ingawa siku ile hakuna aliyelifikiria.

Kabla ya upasuaji: saizi ilipatikanaje

Wiki mbili kabla ya kulazwa alinunua koseti mtandaoni, zile za mtindo wa Kolombia zenye zipu ubavuni, safu tatu za kulabu mbele na miguu inayofika nusu ya paja. Alilipa shilingi laki mbili na nusu. Kiuno chake, kikipimwa usawa wa kitovu, kilikuwa sm 98. Jedwali la muuzaji lilionyesha L kwa kiuno cha sm 79 hadi 86, XL kwa 86 hadi 94, na 2XL kwa 94 hadi 102. Kwa mwili aliokuwa nao, saizi yake ilikuwa 2XL.

Muuzaji alimshauri achukue L. Hoja yake ilikuwa kwamba baada ya upasuaji kiuno kitashuka, kwa hiyo 2XL ingekuwa hasara. Hoja hiyo naisikia karibu kila mwezi, na inaingia akilini kirahisi kwa sababu nusu yake ni kweli. Kiuno kitashuka. Ila hakishuki mezani kwa daktari. Anayetoka chumba cha upasuaji ametolewa ngozi na mafuta, lakini ameongezewa kitu kingine: maji ya dawa ambayo daktari huyaingiza chini ya ngozi kabla ya kufyonza mafuta, halafu majimaji ambayo mwili wenyewe huyapeleka mahali palipojeruhiwa. Wengi wakipanda mizani siku ya tatu hukuta uzito umeongezeka. Bi. K. aliponiona mara ya kwanza alisema, "Fundi, mimi nimelipa ninepe, mbona naumuka kama andazi?"

Siku ya 4 na ya 5

Hospitalini alifungwa binda, ule mkanda mpana wa tumbo unaobandikwa mbele. Binda hulegezwa au kukazwa kwa sekunde chache, na wauguzi walikuwa wakiilegeza kila walipokagua mirija miwili iliyokuwa ikitoa maji tumboni. Kwa siku tatu hakukuwa na tatizo. Siku ya 4 aliruhusiwa, na akaambiwa kwa maneno ya jumla kwamba nyumbani anaweza kuvaa koseti yake.

Jioni hiyo dada yake na binti yake walimvalisha ile L. Iliwachukua watu wawili, mmoja akivuta kitambaa na mwingine akifunga kulabu, na zipu ilipanda kwa shida. Kwa kuwa jirani aliyekwisha kupasuliwa alimwambia "ikibana ndiyo inafanya kazi", hawakuona hatari. Usiku alipata kiungulia na kupumua kwa shida akilala chali. Alfajiri sehemu za siri na mapaja yote mawili yalikuwa yamevimba. Hakusikia maumivu makali popote tumboni.

Asubuhi ya siku ya 5 walirudi kliniki, nami nikaitwa kwa sababu muuguzi wa vidonda alitaka nione nguo ikiwa bado mwilini. Nilichokiona ni hiki. Bi. K. alikuwa akisimama ameinama, kama anavyosimama kila mtu aliyekatwa ngozi ya tumbo, kwa sababu ngozi iliyobaki imevutwa na kushonwa chini. Koseti ilikuwa imekatwa kwa mtu aliyesimama wima. Kitambaa cha mbele kilichozidi kilikuwa kimekunjika, na kunjo hilo, nene kama kidole, lilikuwa limelala kwa upana wa tumbo, vidole vinne chini ya kitovu. Kwenye kinena, ukingo wa mguu wa koseti ulikuwa umezama ndani ya nyama.

Ilipovuliwa, chini ya lile kunjo palibaki mstari wenye rangi ya zambarau iliyofifia. Muuguzi alibonyeza kwa kidole na kuachia. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa kubonyezwa hauonekani wazi, kwa hiyo alibonyeza pia ngozi ya ubavuni ili alinganishe, na rangi ya ule mstari ilikawia kurudi. Daktari alifika. Alisikiliza mapafu, akaagiza miguu ipimwe kwa mashine ya ultrasaundi kwa sababu kuvimba mapaja na kupumua kwa shida ni dalili ambazo zinaweza pia kutoka kwenye damu iliyoganda mshipani. Haikuonekana damu iliyoganda. Kupumua kulitulia ndani ya saa moja tangu nguo ivuliwe.

Uamuzi wa kwanza: kurudi kwenye binda

Daktari aliamua kwamba kwa siku mbili avae binda tu, ikiwa imelegezwa kiasi cha kiganja kizima kuingia bila kulazimisha, na kwamba pale penye mstari pasiwekwe kitu chochote cha kugandamiza. Wapo wangetaka kubadilisha L kwa XL siku hiyo hiyo. Hatukufanya hivyo. Ngozi ilikuwa haijaonyesha kama itapona au itakufa, na vipimo vya mwili uliotoka kubanwa usiku kucha ni vya uongo, maana majimaji yamesukumwa juu na chini na bado hayajarudi mahali pake.

Siku ya 7 mstari ulikuwa umefifia isipokuwa doa moja la kama sm 2, ambalo lilifanya lengelenge, likakauka likawa kigaga. Lilipona kwa kufungwa bandeji kwa muda wa wiki tatu. Kovu lake lipo.

Koseti ya kwanza niliyoshona

Siku hiyo ya 7 nilichukua vipimo viwili vya kiuno, kimoja asubuhi na kimoja saa kumi na mbili jioni. Asubuhi tepu ilisoma 95, jioni 97. Nikachukua pia urefu wa mbele, kutoka chini ya titi hadi kinenani. Kwenye karatasi yake ya kabla ya upasuaji, akiwa wima, ulikuwa sm 41. Sasa, akiwa ameinama, ulikuwa 33. Zile sm 8 za tofauti ndizo zilizotengeneza kunjo la siku ya 4. Kitambaa kilichozidi lazima kikunjike mahali fulani, na kilichagua mahali pabaya kabisa: ngozi iliyo kati ya kitovu na mshono wa chini ndiyo iliyo mbali zaidi na mishipa ya damu iliyobaki baada ya upasuaji wa aina hii.

Koseti ikilala mezani huwa ndogo kuliko mwili, la sivyo haibani. Swali ni ndogo kwa kiasi gani. Kwa kitambaa ninachotumia, cha nailoni na lastiki inayovutika pande zote mbili, koseti ya wiki za mwanzo naipunguza asilimia 10, na ile ya baadaye asilimia 15. Kitambaa kingine kigumu zaidi kingehitaji kupunguzwa kwa asilimia ndogo kuliko hizi, kwa hiyo namba hizi asizichukue mtu na kuziweka kwenye kitambaa chochote. Nilianza na kipimo cha jioni: 97 ukitoa asilimia 10 ni kama 87. Hivyo nguo ilikatwa iwe sm 87 ikifungwa safu ya nje ya kulabu. Safu zilikuwa tatu, zimeachana sm moja u nusu, kwa hiyo safu ya ndani ilitoa sm 84.

Miguu sikuiweka. Mapajani hakufyonzwa mafuta, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kubana pale, na ule ukingo kwenye kinena ndio uliomzuilia majimaji yasipande. Niliweka mikanda ya mabegani inayorefushwa na kufupishwa, na kifungo cha msamba chenye nafasi tatu, ili urefu wa nguo uweze kuongezeka jinsi anavyonyooka. Ndani mbele nikatia kipande laini cha sponji bapa kilichofunikwa kwa pamba, kisifike kwenye lile doa, kazi yake ikiwa kuzuia kitambaa kisikunjike anapokaa.

Chini yake alivaa fulana nyembamba ya pamba iliyogeuzwa, mishono ikiwa nje. Ulikuwa mwezi wa Februari. Anayejua joto la pwani mwezi huo atajua kwa nini nilishona koseti mbili zinazofanana: moja ikifuliwa kwa maji ya baridi na sabuni ya maji na kuanikwa kivulini, nyingine iko mwilini. Jua kali na maji ya moto huua lastiki, na koseti iliyokufa lastiki husomeka kama mgonjwa aliyepungua.

Kipimo changu cha kama nguo imekaa sawa hakikuwa kuingiza vidole viwili chini yake. Vidole viwili huingia karibu kila mahali kwenye kitambaa kinachovutika. Nilimwambia avue baada ya saa mbili za kwanza, aangalie kwenye kioo. Alama za mishono ni kawaida, lakini ziwe zimeondoka ndani ya nusu saa. Pasiwe na tuta la nyama juu au chini ya ukingo, pasiwe na ganzi mpya mapajani, na aweze kuvuta pumzi ndefu na kumaliza sahani ya chakula akiwa ameivaa. Yote hayo yalikuwa sawa. Mirija ilitolewa siku ya 9, na kufikia siku ya 11 alikuwa anasimama karibu wima.

Siku ya 16: kosa langu

Siku ya 14 kiuno kilisoma 91 asubuhi na 94 jioni, na kulabu zilikuwa zimefika safu ya ndani. Siku mbili baadaye alikuja asubuhi akilalamika kwamba nguo inateleza na kufanya mikunjo mgongoni. Nilipima, nikapata 91. Alikuwa na haraka, nami nilikuwa na wateja wanasubiri. Nikapunguza ubavuni. Sm 1 kila upande wa mshono, mbele na nyuma, kwa mbavu zote mbili, inakula sm 4. Nguo ikawa 83 safu ya nje na 80 safu ya ndani, nikamfungia safu ya katikati. Asilimia 10 ya 91, sawasawa na hesabu yangu, ila sikuuliza jioni yake ilisomaje tangu siku ya 14, wala sikuuliza anakwenda wapi akitoka kwangu.

Alikuwa anakwenda dukani. Siku ya 17 alianza tena kusimama nyuma ya meza ya vitenge tangu saa tatu hadi saa kumi na moja. Majimaji hufuata ardhi, na mtu anayesimama siku nzima wiki ya tatu baada ya upasuaji atakuwa mnene zaidi jioni kuliko aliyelala. Siku tatu zile kiuno chake cha jioni kilikuwa kinafika 95 (hili nililijua baadaye, alipoanza kujipima). Nguo iliyokuwa inambana asilimia 10 asubuhi ilikuwa inambana zaidi ya 14 saa kumi, mwilini mwa mtu aliyechoka na mwenye joto. Akifika nyumbani alikuwa anaivua, na kwa kuwa alikumbuka usiku wa ile L, aliogopa kuirudisha. Alilala bila kitu usiku tatu mfululizo.

Siku ya 20 alinipigia simu: tumbo la chini linacheza kama mfuko wa maji. Nilimwambia asije kwangu, aende kliniki. Daktari alivuta kwa sindano mililita 90 za maji yaliyojikusanya chini ya ngozi, na siku tano baadaye 35. Mara ya tatu hakupata kitu.

Nilichofanya kwa upande wangu kilikuwa rahisi kwa sababu nilikuwa sijashona kwa cherehani. Kupunguza kwa wiki hizi napiga bandi kwa mkono, kwa uzi unaokwenda zigizaga ili usikatike kitambaa kikivutika. Nilifumua upande mmoja, sm 2 zikarudi: nje 85, ndani 82. Tukapanga afunge safu ya ndani akiamka, ahamie safu inayofuata mchana, na ya nje jioni kama inahitajika, lakini asiivue kulala. Alimweka binti yake dukani mchana, akawa analala saa moja chali na mito chini ya magoti.

Kuanzia wiki ya 4

Siku ya 28 tepu ilisoma 88 asubuhi na 90 jioni. Nilirudisha bandi ya upande ule niliofumua. Wiki ya 5 ilikuwa 86 na 88, maji hayajarudi, doa limefunga, na daktari alikubali avae koseti ya pili, isiyo na zipu, inayovaliwa kwa kuingia miguu kwanza. Niliikata sm 75, yaani 88 ukitoa asilimia 15. Aliivaa mchana hadi mwisho wa wiki ya 8, usiku akibaki na ile ya kwanza kwa wiki mbili zaidi halafu akaacha.

Wiki ya 12 kiuno kilikuwa 82 asubuhi na 82 na nusu jioni. Mwezi huo alinitolea kwenye mfuko ile L aliyonunua mtandaoni. Aliivaa mwenyewe, peke yake, mbele ya kioo changu, na zipu ikapanda. Kiuno cha 82 kimo kabisa katika jedwali la L. Muuzaji alimuuzia saizi ya wiki ya 12, nayo ikavalishwa siku ya 4.

Uchambuzi

*Hesabu iliyofanya L iwe hatari.* Siku ya 4 sikuwepo na hakuna aliyepima, lakini siku ya 7 alikuwa 97 jioni, na uvimbe wa siku za mwanzo hauwi mdogo kuliko huo. Nilipoipima ile L mezani ilikuwa sm 72. Ni robo nzima chini ya mwili. Juu ya hapo, misuli ya tumbo ilikuwa imetoka kushonwa na kukaza, kwa hiyo nafasi ya ndani ya tumbo ilikuwa imeshapungua kabla hata ya kuvaa chochote. Koseti iliyobana hivyo husukuma tumbo lote juu kuelekea mapafu, ndiyo kiungulia na pumzi fupi, na hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Ndiyo maana daktari alitafuta damu iliyoganda kwanza, kabla ya kutazama ngozi. Mgonjwa ambaye mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, au anayepumua kwa shida hata baada ya kuvua, habari yake haimhusu fundi hata kidogo. Ni ya hospitali saa ile ile.

*Ngozi isiyosema.* Jambo lililonitisha zaidi katika kisa hiki ni kwamba Bi. K. hakusikia maumivu chini ya lile kunjo. Ngozi ya tumbo la chini baada ya upasuaji huu huwa na ganzi kwa miezi kadhaa, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa. Tunawaambia wagonjwa "ukiumia legeza", na tunamwambia hivyo mtu ambaye pale tunapoogopa hawezi kuumia. Tangu kisa hiki, maelekezo yangu ya siku za mwanzo ni ya macho: kuvua mara mbili kwa siku, kutazama kwa kioo, na kumwomba mtu wa nyumbani atazame pia, kwa sababu aliyeinama haoni chini ya tumbo lake.

*Kwa nini nguo moja haibani sawa kila mahali.* Mvuto ule ule wa kitambaa hugandamiza zaidi pale mwili unapopinda kwa ukali, na kidogo pale ulipo bapa. Mfupa wa nyonga na ukingo wa kinena hupata mgandamizo mkubwa, tumbo bapa hupata mdogo. Kwa hiyo mtu akikaza koseti ili tumbo libanwe vya kutosha, nyonga na kinena zitakuwa zimeshabanwa kupita kiasi. Sponji bapa huongeza mgandamizo pale mbele bila kugusa nyonga, na kuondoa miguu ya nguo kulitatua kinena. Hivi viwili vilimsaidia kuliko tofauti yoyote ya saizi.

*Kulabu zina mwisho wake.* Watu hununua koseti yenye safu tatu wakiamini inafuata mwili hadi mwisho. Safu tatu zilizoachana sm moja u nusu zinatoa sm 3 tu za nguo. Bi. K. alishuka kutoka 97 hadi 88 jioni kati ya siku ya 7 na wiki ya 5, sm 9 za mwili, na baada ya hapo akashuka tena. Kulabu zilifikisha wiki mbili za kwanza. Kilichobaki kilifanywa na bandi ya mkono na nguo ya pili. Anayenunua ya dukani, isiyoweza kupunguzwa, ahesabu mapema kwamba atahitaji saizi mbili, ya kwanza kwa mwili aliovimba nao na ya pili inunuliwe baada ya kupima wiki ya 4 au 5, sio kabla ya kulazwa.

*Asubuhi na jioni.* Kosa la siku ya 16 lilikuwa la kupima saa ile mwili ulipokuwa mdogo kuliko saa zote za siku. Sasa nakata kwa kipimo cha jioni na kufunga kwa kipimo cha asubuhi. Kulabu zinabeba tofauti ya katikati. Nimegundua pia kwamba tofauti yenyewe ina habari ndani yake. Kwa Bi. K. ilikuwa sm 2 akiwa kitandani, ikafika 3 alipoanza kutembea, ikapanda hadi 4 aliporudi dukani, ikashuka 2 wiki ya 5, na nusu sm wiki ya 12. Namba ya kiuno peke yake ingeweza kushuka kwa sababu anakula kidogo. Tofauti ya asubuhi na jioni ilifuata uvimbe wenyewe, na ilipokaribia kwisha ndipo nilipojua kwamba nguo mpya nikimkatia sitaikata tena mwezi ujao.

*Maji ya siku ya 20.* Siwezi kusema kupunguza kwangu ndiko kulikosababisha. Maji kujikusanya chini ya ngozi ndilo tatizo la kawaida kuliko yote baada ya upasuaji huu, hutokea hata kwa wanaovaa vizuri, na yeye alikuwa amesimama saa nyingi kwa siku tatu. Daktari aliniambia angeweza kuyapata bila mimi. Lakini nguo isiyovumilika ni nguo iliyoko kwenye kiti usiku, na siku zile nilimpa nguo isiyovumilika jioni. Swali ninalomuuliza sasa kila mgonjwa kabla ya kugusa mshono ni kesho atakuwa amesimama saa ngapi, na kama jibu ni dukani au jikoni siku nzima, mshono unasubiri hadi arudi jioni nipime tena.